Uchambuzi wa kisa: dari iliyobeba bodi na pamba, ikashindwa kumbeba fundi umeme

Kisa hiki kilitokea kwenye nyumba moja ya kuishi katika mji wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa jina la mji, la mwenye nyumba na la mafundi wote. Vipimo nimeviacha vilivyo, kwa sababu funzo lote limo ndani ya vipimo.

## Usuli

Nyumba ilikuwa na baraza pana upande wa nyuma. Mwenye nyumba, mama mstaafu, aliizungushia ukuta ikawa sebule ya pili. Upana wake, ukuta hadi ukuta, ni mita 3.6, na urefu ni mita 5.4. Paa ni la mteremko mmoja, bati juu ya mapau, na mapau hayo hayagusani popote na dari. Kwa hiyo mbao za dari zinajitegemea: zinakaa juu ya kuta mbili ndefu na zinavuka mita 3.6 bila kushikwa na chochote katikati.

Chumba kilikuwa na shida mbili ambazo kila mwenye bati anazijua: joto la mchana na kelele za mvua. Mama akashauriwa aweke dari ya jipsamu na juu yake alaze pamba ya kioo ya milimita 100. Ushauri ulikuwa mzuri. Kazi ilikamilika, chumba kikapoa, na kwa miezi kama saba hakuna aliyelalamika.

## Dari ilivyojengwa

Fundi seremala alitumia mbao za mbili nne za msindano, akazipanga kila baada ya futi 3, yaani kama milimita 900. Nilipomuuliza baadaye kwa nini futi 3, hakuficha: ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya kwenye nyumba nyingine nyingi ambazo juu ya dari hakuna anayepanda. Chini ya mbao hizo aligonga mbao za mbili mbili kila milimita 600, kisha akafunga bodi za jipsamu za milimita 9 kwa skrubu.

Mbao zilinunuliwa mbichi. Zilipofika zilikuwa nzito, na ukikwangua kwa ukucha unaona maji. Zikapandishwa siku ileile.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipita, ni kwamba mbili nne ya dukani haina inchi 2 kwa inchi 4. Nilipopima kwa futikamba nilikuta milimita 45 kwa 90. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mkononi, lakini ukifika kwenye hesabu utaona imeondoa zaidi ya theluthi ya ugumu wa mbao.

## Siku ya tukio

Mama alitaka feni ya dari. Fundi umeme, kijana mwepesi tu, akapanda darini kupitia uwazi unaotoka upande wa nyumba kuu, akiwa na kurunzi na mfuko wa vifaa. Yeye na mfuko wake tuwahesabu kilo 80.

Alikuta uwanja mweupe wa pamba. Pamba ya milimita 100 ililala kati ya mbao zenye kina cha milimita 90, kwa hiyo ilikuwa imezifunika zote. Akawa anapapasa kwa mkono kutafuta mbao, anaweka goti, anapapasa tena. Kwa mita moja ya kwanza karibu na ukuta mambo yalikwenda vizuri. Alipofika katikati ya chumba akaisikia mbao inamshuka chini ya goti, halafu ikalia kama kijiti kikavu. Akashtuka, akaruka kuhamia mbao ya pili, mguu ukakosa mbao ukaangukia kwenye bodi. Bodi ikapasuka na mguu ukatokea sebuleni hadi pajani.

Kilichomwokoa ni kifua chake kulalia mbao ya jirani. Alipata mikwaruzo na hofu. Chini yake kulikuwa na meza ya kioo.

## Tulichokuta na tulichopima

Niliitwa siku ya pili. Mama alinipokea mlangoni na jibu lake tayari: "Fundi, ni hii pamba. Imelemea dari mpaka imekatika. Niondolee yote."

Nilimwomba anipe saa mbili kwanza. "Mama, ngoja tupime, halafu tutajua nani wa kulaumiwa."

Nilifunga uzi ukuta hadi ukuta chini ya dari, kufuata mbao za mbili nne, nikapima katikati. Dari ilikuwa imenepa milimita 28 pale ambapo hapakuvunjika kitu. Kisha nikageuza uzi upande mwingine, nikaushika kati ya skrubu na skrubu, kutoka mbili mbili moja hadi nyingine. Hapo nilikuta mawimbi madogo ya milimita 3 hadi 4. Hivi ni vipimo viwili tofauti na vina visababishi viwili tofauti. Mnepo mrefu wa chumba kizima unatoka kwenye mbao kubwa zilizoshindwa umbali. Mawimbi mafupi yanatoka kwenye bodi iliyoshindwa nafasi kati ya mbili mbili. Ukiona dari imeshuka, fanya vipimo vyote viwili kabla ya kutoa hukumu, maana tiba ya kimoja haitibu kingine.

Mbao iliyolia tuliitoa. Ufa ulianzia kwenye fundo lenye upana wa kidole gumba, lililokuwa upande wa chini, karibu kabisa na katikati. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa fundo kukaa: mbao inapobebeshwa mzigo, nyuzi za chini ndizo zinazovutwa, na katikati ndipo zinapovutwa zaidi. Fundo ni mahali ambapo nyuzi zimekatika.

Hatimaye tukapima uzito. Bodi ya milimita 9 ina kama kilo 7 kwa mita ya mraba. Mbili mbili zinaongeza karibu kilo 2, mbili nne zenyewe kilo 2 na kidogo. Pamba, ile iliyoshtakiwa, ni kilo 1.5 tu. Dari nzima haifiki kilo 13 kwa mita ya mraba. Nilimkatia mama kipande cha pamba cha mita moja kwa mita moja, nikamwekea mikononi. Hakusema tena neno juu ya kuiondoa.

## Hesabu ya mbao moja

Hesabu yenyewe ni mistari miwili, na fundi yeyote mwenye simu anaweza kuifanya. Wa kwanza unatoa ugumu wa umbo la mbao, wa pili unatoa mnepo wa mbao hiyo mtu akikaa katikati:

```
I = b × d³ / 12
mnepo = P × L³ / (48 × E × I)
```

Hapa b ni upana wa mbao, d ni kina chake, L ni umbali inaovuka, vyote kwa milimita. P ni uzito wa mtu kwa nyutoni (kilo 80 ni nyutoni 785). E ni ugumu wa mbao yenyewe. Kwa msindano wa kawaida mimi hutumia nyutoni 8000 kwa milimita ya mraba.

Kwa mbao ya 45 kwa 90 inayovuka 3600, jibu ni milimita 35. Yaani goti la yule kijana liliishusha mbao karibu inchi moja na nusu, na bodi iliyofungwa chini yake haiwezi kufuata mnepo huo bila skrubu kuchomoka. Msongo ndani ya mbao, ukijumlisha uzito wa dari, ulikuwa nyutoni 14.5 kwa milimita ya mraba. Mbao ya daraja la C16, daraja la chini katika mbao za kujengea, hupewa namba hiyo kwa sababu iliyo dhaifu humo hutarajiwa kuvunjika karibu na 16, na katika usanifu kwa mzigo wa muda mfupi mtu huishia kwenye 8 hivi. Mbao zetu hazikupangwa daraja lolote, na ile moja ilikuwa na fundo pabaya. Haikuwa bahati mbaya.

Mnepo wa dari tupu, bila mtu, hesabu inautoa milimita 11. Lakini uzi ulisema 28. Pengo hilo ndilo ubichi. Mbao inayokaukia chini ya mzigo inaendelea kunepa polepole kwa miezi, na mnepo wake unaweza kufika mara mbili au zaidi ya ule wa siku ya kwanza. Haurudi juu hata ukiondoa mzigo.

## Njia tulizozifikiria

Seremala, aliyerudi kwa hiari yake na ninamheshimu kwa hilo, alipendekeza tuongeze mbao nyingine za mbili nne katikati ya zilizopo, ziwe kila milimita 450. Ni pendekezo ambalo kila mtu angelitoa, na ndilo lililonifanya niandike kisa hiki.

Kusogeza mbao karibu kunagawa vizuri mzigo uliotandazwa: bodi, pamba, uzito wa dari. Kila mbao inapata nusu. Lakini goti la mtu halikutandazwa. Linakaa juu ya mbao moja, na mbao hiyo haijui kwamba jirani yake sasa yuko karibu. Angalia ule mstari wa pili wa hesabu: nafasi kati ya mbao haimo kabisa. Tungeongeza mbao, tungelipa, na fundi umeme wa pili angeshuka milimita zilezile 35.

Vilivyomo kwenye hesabu ni kina na umbali, na vyote viwili vimepigwa mara tatu kwa vyenyewe. Ukipunguza umbali kwa nusu, mnepo wa mtu unashuka mara nane. Kwa hiyo tulifikiria kuning'iniza mbao ya katikati kutoka kwenye mapau, ili zile mbili nne zivuke mita 1.8 tu. Kwenye paa lenye kenchi imara hiyo ingekuwa njia rahisi kuliko zote. Hapa tuliikataa, kwa sababu mapau yenyewe yalikuwa mbili nne zilizochoka na bati. Tungehamisha tatizo kutoka darini kulipeleka paani.

Ikabaki kina. Mbili sita ya dukani tuliyoipata ilikuwa 45 kwa 145. Inatumia mbao mara 1.6 ya ile mbili nne, lakini ugumu wake ni zaidi ya mara 4. Mnepo wa mtu unashuka kutoka 35 hadi milimita 8, na msongo unashuka hadi 5.5.

Bado sikuridhika. Kipimo nilichofundishwa, cha desturi ya Kiingereza, ni kwamba mnepo wote usizidi tatu kwa elfu ya umbali, ambayo hapa ni milimita 10.8, na majedwali yao ya mbao za dari humhesabu mtu mmoja kuwa kilonyutoni 0.9, yaani kilo 90 na kidogo. Kwa mtu huyo, mbili sita zetu zingefika karibu milimita 12, dari ikijumlishwa. Tungeweza kupanda hadi mbili nane, lakini bei ilimshinda mama. Tukachagua jambo la bei nafuu zaidi: mbao moja ya mbili nne, iliyosimamishwa kwa ubavu juu ya mbili sita zote, katikati ya chumba, ikikatiza kutoka mwanzo hadi mwisho na kufungwa kila inapokutana na mbao. Haibebi dari. Kazi yake ni kumgawa mtu: goti likishuka kwenye mbao moja, ile mbao ya juu inazivuta majirani wawili zisaidie. Kwa hesabu yangu, mbao iliyokaliwa inabaki na chini ya nusu ya mzigo.

Nafasi kati ya mbili sita tuliiweka milimita 600, na mbili mbili za chini tukazisogeza hadi kila 400. Hapa ndipo nafasi ina kazi. Bodi ya milimita 9 inataka kushikwa kila 400 hadi 450. Ya milimita 12.5 inavumilia 600. Mama alikuwa na bodi nyingi za milimita 9 ambazo hazikuharibika, na kununua mpya kungemgharimu zaidi ya mbili mbili chache. Namba 400 na 600 zina faida nyingine: zote zinaingia kamili kwenye bodi ya 1200 kwa 2400, kwa hiyo kila kiungo cha bodi kinaangukia kwenye mbao.

## Utekelezaji

Mbao tulizipanga wiki nne kivulini, zikiwa na vijiti kati ya safu, kabla ya kuzipandisha. Wiki nne hazikaushi mbao kabisa kwenye hewa ya pwani, lakini zinatoa maji mengi ya mwanzo, na zile zilizokusudia kupinda zinapinda chini, mbele ya macho yako. Mbili tulizirudisha dukani.

Kila mbao tuliiangalia kwa ubavu kama mtu anayelenga bunduki. Nyingi zina mgongo kidogo, yaani zimejikunja kama upinde. Mgongo unakwenda juu, ili uzito wa dari uinyooshe. Mafundo makubwa ya kingo tuliyaelekeza juu vilevile, upande unaobanwa. Mgongo na fundo vilipogombana kwenye mbao moja, mbao hiyo tuliipeleka ukutani mwisho wa chumba, ambako hakuna sababu ya mtu kutambaa. Fundi umeme naye aliambiwa asikate pengo lolote kwenye ukingo wa chini: nyaya zilipita kwenye tundu dogo katikati ya kina, karibu na ukuta. Feni ilipata kipande chake cha mbili sita kilichofungwa kati ya mbao mbili.

Kabla bodi hazijafungwa tulifanya jaribio. Tuliweka jukwaa chini, nikamwomba kijana mmoja wa kilo kama 80 akae taratibu katikati ya mbao mpya, uzi ukiwa umefungwa. Ilishuka milimita 4. Kisha tukachukua mbili nne mojawapo ya zamani ambayo haikuwa na ufa, tukaiweka pembeni juu ya kuta zilezile, akaikalia. Ilishuka 38. Seremala aliinama akausoma uzi mwenyewe, akaomba kijana ashuke na akae tena, akasoma mara ya pili.

## Matokeo

Nilirudi baada ya mwaka mmoja, baada ya masika. Mnepo wa dari katikati ulikuwa milimita 5. Hesabu ilitaka 2 na kidogo kwa siku ya kwanza, kwa hiyo mbao zimekwenda mara mbili, kama inavyotarajiwa kwa mbao iliyopanda na unyevu wake. Hakuna ufa kwenye viungo vya bodi. Fundi umeme amepanda mara mbili tangu wakati huo.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko kingine ni kitu ambacho hatukukipanga. Mbili sita ina kina cha milimita 145 na pamba ni 100, kwa hiyo migongo ya mbao sasa imesimama juu ya pamba kwa milimita 45. Anayepanda anaziona. Tulipigilia pia mbao ya inchi moja kwa nane, kutoka kwenye uwazi hadi kwenye feni, juu ya mbao hizo, na haigusi pamba wala kuibana. Pamba iliyobanwa hupoteza kazi yake. Katika dari ya kwanza, hata kama mbao zingekuwa imara, kijana angeendelea kupapasa gizani, na mguu uliopasua bodi ulikosa mbao kwa sababu haikuonekana. Pamba haikuwa na kosa la uzito. Kosa lake lilikuwa kuficha, na hilo linatatuliwa kwa kina.

Kilichoshindikana tangu mwanzo ni swali ambalo halikuulizwa. Seremala alihesabu bodi, na kwa bodi peke yake dari yake ingeweza kukaa miaka, ikinepa tu. Hakuna aliyemwambia kwamba darini kutapita nyaya, na nyaya zina fundi. Mimi sasa huuliza kabla ya kupima chumba: nani atapanda huku, na kwa njia gani?

Kwa upande wangu pia kuna nisilolipenda. Ile mbao ya kugawa mzigo tuliifunga kwa misumari. Miaka ikienda na mbao zikikauka, misumari hulegea, na ikilegea ugawaji unapungua. Ningepaswa kutumia skrubu ndefu au vyuma vya pembe. Pia suluhisho hili lina mpaka wake: linatosha mita 3.6 na mtu mmoja anayetambaa. Halitoshi chumba cha mita 4.2, wala masanduku ya nguo za zamani, wala tenki la maji, hata dogo. Mama aliniuliza kuhusu masanduku wiki ileile tuliyomaliza, nikamkatalia.

Vyumba viwili vya kulala vya nyumba hiyo bado vina mbili nne kila futi 3, vyenye upana uleule na pamba ileile. Fedha za kuvifungua hazijapatikana. Kwa sasa kwenye uwazi wa darini kuna kibao nilichokiandika kwa rangi nyekundu, kinachoonyesha mshale upande wa sebule na maneno: PANDA HUKU TU.